Kunyoosha Namba Bila Kupoteza Hesabu

Ipe kompyuta picha elfu hamsini za ndege, paka, vyura na malori, kisha iletee picha moja mpya na uiulize: picha kama hii inapatikana kwa wingi kiasi gani katika kundi ulilojifunza? Programu nyingi zinazochora picha haziwezi kujibu swali hilo kwa namba kamili. Zinachora vizuri, lakini hazikuambii msongamano wa uwezekano pale picha ilipo. Ipo familia moja ya mifumo inayojibu moja kwa moja: mitiririko sawazishi.

Wazo lake ni hili. Tunaanza na namba za bahati nasibu zilizotawanyika kwa umbo la kengele, yaani mgawanyo wa kawaida unaofundishwa katika takwimu za sekondari. Fomula ya mgawanyo huo tunaijua, hivyo msongamano wake tunaweza kuukokotoa popote. Kisha tunazipitisha namba hizo katika msururu wa mageuzi yanayozivuta, kuzibana na kuzisogeza mpaka zifanane na data halisi. Sharti ni moja: kila geuzi liweze kurudishwa nyuma, ili kila picha iwe na chimbuko lake moja tu kule kwenye kengele.

Namba zikishavutwa, msongamano hubadilika, na hapo ndipo inapoingia kanuni ya kubadili vigeu. Fikiria donge la chapati unalolisukuma mpaka eneo lake liwe mara mbili. Uzito wa unga ni uleule, ila kila sehemu sasa ina unga nusu ya ule wa mwanzo. Uwezekano nao ndivyo ulivyo: jumla yake lazima ibaki 1. Namba zilizoenea sawasawa kati ya 0 na 1 zina msongamano wa 1. Zizidishe kwa 2, zitaenea kati ya 0 na 2, na msongamano wake utakuwa 0.5. Kwa hiyo, ili kupata msongamano mpya, chukua ule wa kwenye chimbuko uugawe kwa kiasi cha mvuto mahali hapo.

Vigeu vikiwa vingi, mvuto hupimwa kwa determinanti ya jedwali linaloonesha jinsi kila namba inayotoka inavyobadilika kutokana na kila namba inayoingia. Kwa vigeu viwili, determinanti hutaja eneo dogo limepanuka mara ngapi. Kwa vitatu, ujazo.

Kigawanyo hiki ndicho kinachoushika mfumo usidanganye wakati wa kujifunza. Kujifunza hufanyika kwa kuirudisha kila data kwenye chimbuko lake na kuutaka msongamano uwe mkubwa iwezekanavyo. Kama tungeangalia chimbuko peke yake, mfumo ungepata njia ya mkato: ungezibana picha zote katikati ya kengele, mahali penye msongamano wa juu kabisa, na usijifunze lolote. Lakini kubana sana wakati wa kurudi maana yake ni kuvuta sana wakati wa kwenda, na kigawanyo kinakua papo hapo. Faida ya kukaa katikati inaliwa na gharama ya kubana.

Tatizo ni kwamba determinanti ya jedwali la kawaida ni ghali. Vigeu vikiongezeka mara mbili, kazi huongezeka mara nane hivi. Picha ndogo ya rangi yenye vidoti 32 kwa 32 ina namba 3072, na hesabu hiyo ingetakiwa kurudiwa kwa kila picha, katika kila hatua ya mafunzo. Mwaka 2014 Laurent Dinh, David Krueger na Yoshua Bengio, wakiwa Montreal, walionesha njia ya kuukwepa mzigo huo: tabaka ambatani. Katika mfumo wao, ulioitwa NICE, tabaka hilo lilisogeza namba bila kuzivuta. Mwaka 2016 Dinh, Jascha Sohl-Dickstein na Samy Bengio wakaongeza mvuto, na mfumo wao ukajulikana kama Real NVP.

Tabaka ambatani hugawa namba katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hupita bila kuguswa. Fungu la pili huvutwa na kusogezwa, na kiasi cha kuvuta na kusogeza huamuliwa na mtandao wa neva unaolitazama fungu la kwanza tu:

```
x1 = z1
x2 = z2 * exp(s(z1)) + t(z1)
```

Kurudi ni rahisi, kwa kuwa fungu la kwanza bado lipo mkononi:

```
z1 = x1
z2 = (x2 - t(x1)) * exp(-s(x1))
```

Tuufuate mfano mmoja wa namba mbili. Tuseme `z1` ni 1 na `z2` ni 0.5. Mtandao unaitazama ile 1 na kuamua kuvuta mara 2 na kusogeza kwa 3. Hapo `x1` inabaki 1, na `x2` inakuwa 0.5 mara 2 jumlisha 3, yaani 4. Msongamano wa kengele ya vigeu viwili kwenye chimbuko ni takriban 0.0852. Eneo limepanuka mara 2, hivyo msongamano mpya ni 0.0426. Sasa turudi: tunaiona `x1` ni 1, tunauuliza mtandao uleule, nao unajibu vilevile, mara 2 na 3. Nne toa tatu ni moja. Gawa kwa mbili, unapata 0.5 tuliyoanza nayo.

Angalia kwamba mtandao wenyewe hatukuurudisha nyuma hata mara moja. Tuliuita upya kwa swali lilelile. Ndiyo maana `s` na `t` zinaweza kuwa mitandao tata kiasi chochote. Na kwa kuwa jedwali lina sifuri upande mmoja wa mshazari, logi ya determinanti ni jumla ya thamani za `s` tu. Kwa picha yetu, ukiigawa nusu kwa nusu, ni kujumlisha namba 1536. Katika tabaka linalofuata mafungu hubadilishana zamu, ili kila namba ipate kuguswa.

Makosa yapo, na yanagundulika. `s` ikiwa kubwa mno, `exp` hulipuka na kurudi kunaharibika. Mpeleke mfano mmoja mpaka kwenye chimbuko na umrudishe. Asipofika alipotoka, kuna kasoro. Kosa la pili ni la namba kamili. Vidoti vya picha huwa na thamani za 0 hadi 255 bila vipande, na mfumo unaweza kurundika msongamano usio na kikomo kwenye namba hizo. Ukiona alama za mafunzo zinapanda bila kutulia, shuku hilo. Dawa yake ni kuongeza kwenye kila kidoti sehemu ya bahati nasibu kati ya 0 na 1.

Kosa la tatu limo katika tafsiri. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Eric Nalisnick waliufundisha mtiririko uitwao Glow kwa picha za CIFAR-10, zile za ndege, paka na vyura. Kisha wakauonesha picha za namba za nyumba, ambazo haukuwahi kuziona. Ukazipa msongamano mkubwa kuliko picha za aina uliyofundishwa. Hesabu haikukosea. Picha za namba za nyumba zina vidoti visivyotofautiana sana, hivyo hukaa ndani, karibu na kitovu cha picha zile nyingine. Msongamano hueleza wingi kwa kila ujazo wa nafasi, nao ni tofauti na kuzoeleka. Anayetaka kuutumia mtiririko kutambua data ngeni asikate mstari kwa namba hiyo peke yake. Kwanza aujaribu kwa data ambayo anajua hakika kuwa ni ngeni.