Mkia Unaong'aa Nyuma ya Gari Jeusi

Katika mchezo wa kompyuta, gari jeusi linakata barabara ya kijivu kwa kasi. Nyuma ya bampa unaonekana ukanda mwembamba unaong'aa kuliko lami yenyewe, kama alama ya chaki. Mwenye kompyuta hudhani skrini imekufa. Mara nyingi ni nzima, ila imesukumwa kupita kiasi.

Kila pikseli ya skrini ya LCD ina fuwele za kimiminika zinazogeuka volti inapobadilika. Muda zinaotumia kutoka kijivu kimoja hadi kingine ndio muda wa mwitikio. Skrini ya hezi 144 huleta picha mpya kila milisekunde 6.9. Fuwele zikichelewa, picha ya zamani haijafutika vizuri, na gari jeusi huburuta kivuli cheusi.

Ili kuziwahisha, watengenezaji huzipa fuwele volti inayozidi mahitaji. Kwenye menyu ya skrini mpangilio huo huitwa Overdrive au Response Time.

Tuseme pikseli iliyoachwa na gari inatoka kwenye giza la 50 kwenda kijivu cha 120, katika kipimo cha 0 hadi 255. Skrini huiagiza kana kwamba inakwenda 160. Picha inayofuata inapoingia, fuwele zimekaribia 120, nazo hupewa volti halisi ya 120. Ukipandisha ngazi hadi mwisho, agizo laweza kuwa 200. Fuwele zitapitiliza hadi 150, na kabla hazijarudi, jicho limeshaona ukanda unaong'aa. Gari likiwa jeupe, mambo hugeuka: mkia huwa mweusi kuliko lami.

Hapo ndipo pa kutofautisha. Mkia unaofanana na gari maana yake fuwele bado ni nzito. Mkia wa kinyume chake maana yake msukumo umezidi.

Kasi ya picha nayo ina neno. Kwenye hezi 60 kila picha hukaa milisekunde 16.7, hivyo msukumo uleule hudumu zaidi ya mara mbili. Ngazi iliyokuwa safi kwenye hezi 144 yaweza kuzaa mkia kwenye 60, isipokuwa skrini iwe na uwezo wa kujirekebisha.

Kupima, fungua testufo.com, utazame chombo kinachopita juu ya kijivu. Usitumie nyeupe tupu, kwa sababu juu ya 255 hakuna pa kupitiliza. Anza na ngazi ya chini, panda moja moja, na mkia wa kinyume ukijitokeza, rudi ngazi moja. Rudia kwa kila kasi unayotumia.

Usishangae ngazi hiyo ikiwa ya kati. Ile milisekunde 1 iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwenye ngazi ya juu kabisa, pamoja na mkia wake.