Mzigo Uingie Wapi, Utoke Wapi?

Ukipita nyuma ya mabanda ya zamani ya bandari, Kilindini au Dar es Salaam, utaona mpangilio ule ule. Upande mmja wa banda kuna milango inayotazama meli, na upande wa pili kuna milango inayotazama reli na barabara. Magunia yakishushwa melini huingia kwa mlango wa baharini, hukaa siku chache, kisha hutokea upande wa nchi kavu. Huo ndio mpangilio wa moja kwa moja, na pale bandarini hakukuwa na haja ya kuumiza kichwa, kwa kuwa meli haiwezi kuzunguka jengo ije kupakuliwa upande wa pili.

Mfanyabiashara anayejenga godauni lake kando ya barabara kuu hana meli ya kumwamulia. Mizigo yake yote huja kwa lori na kuondoka kwa lori, kwa hiyo anaweza kuchagua. Anaweza kufuata mtindo wa bandarini, mzigo uingilie ukuta huu na utokee ule wa mkabala. Au anaweza kuweka milango yote kwenye ukuta mmoja, mzigo uingie, uende ndani kukaa, kisha urudi mbele ulikotoka, njia yake ikichora umbo la herufi U. Wengi huuona mtindo wa kwanza kuwa wa haraka zaidi, kwa sababu mzigo haurudi nyuma. Hesabu ya mwendo wa foklifti inasema vingine.

Tuchukue godauni la mfano lenye urefu wa mita 80 kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Tuache kwanza mwendo wa kwenda kushoto na kulia, tuhesabu wa mbele na nyuma tu. Kila paleti hudai safari mbili za foklifti: moja ya kuipeleka rafuni na nyingine ya kuitoa, na kila safari ina kwenda na kurudi.

Katika mpangilio wa moja kwa moja, paleti iliyowekwa mita 10 kutoka mlango wa kuingilia itahifadhiwa kwa mwendo wa mita 20. Lakini siku ya kutoka, foklifti itaifuata kutoka mlango wa upande wa pili, mita 70 kwenda na 70 kurudi. Jumla ni mita 160. Ukiiweka katikati, jumla ni mita 160. Ukiiweka mwishoni kabisa, bado ni 160. Ndani ya godauni hilo hakuna mahali pazuri wala pabaya.

Katika mpangilio wa U, paleti ya mita 10 kutoka mlangoni huhifadhiwa kwa mita 20 na kutolewa kwa mita 20, jumla 40. Ile ya mita 70 hula mita 280. Ukitawanya bidhaa zako ovyo, wastani utarudi pale pale kwenye 160, na hujapata faida yoyote. Faida huja pale tu unapojua kipi kinatoka sana. Mwenye duka la jumla anajua kwamba sukari, unga, sabuni na mafuta ya kula vinaingia na kutoka kila siku, na sufuria za aluminiamu hukaa miezi. Tuseme asilimia 80 ya mizunguko ni ya bidhaa zinazokimbia, nazo zimepangwa ndani ya mita 20 za mwanzo, wastani wa mita 10 kutoka mlangoni. Asilimia 20 iliyobaki iko nyuma, wastani wa mita 50. Wastani wa jumla unashuka hadi mita 72 kwa paleti. Kwa paleti 200 kwa siku, foklifti zitatembea kilomita 14.4 badala ya 32.

Kuna nyongeza ambayo hesabu hii haikuigusa. Kwa kuwa milango ya kuingiza na kutoa inakaa jirani, dereva wa foklifti aliyepeleka paleti ndani anaweza kurudi na nyingine inayotoka, badala ya kurudi na uma mitupu. Na mzigo ambao mteja tayari anausubiri unaweza kuhamishwa kutoka lori hadi lori bila kuingia rafuni kabisa.

Milango yenyewe pia hupungua. Kama makontena huletwa mchana na malori ya kusambaza hupakiwa alfajiri, milango mitano iliyo ukuta mmoja inatumika zamu zote mbili. Kwenye mpangilio wa moja kwa moja ungejenga mitano mbele na mitano nyuma, nusu yake ikilala kila wakati, pamoja na uwanja wa pili, geti la pili na mlinzi wa pili.

Lakini U ina ugonjwa wake, nao huonekana mapema. Kuingiza na kutoa vikigongana saa moja, sakafu ya mbele hujaa: mzigo uliopokelewa haujahesabiwa, uliotayarishwa kwa mteja uko pembeni yake, na kuli mwenye haraka anapakia paleti isiyo yake. Ukiona karatasi za mapokezi hazilingani na hesabu ya rafuni mara kwa mara, kachunguze sakafu ya mbele kabla ya kumshuku mtu wizi. Mistari ya rangi na nafasi ya kutosha husaidia, hadi kiwango fulani. Mzigo ukiwa mwingi kutwa nzima, au bidhaa zote zikikaa muda unaofanana bila zinazokimbia na zinazolala, ile faida ya mita 72 haipo, na mpangilio wa moja kwa moja unakuwa na maana. Vivyo hivyo pale ambapo kilichoingia hakiruhusiwi kukutana na kinachotoka, kama nyama mbichi na iliyokwisha kupikwa.

Ukishaamua ukuta, toka nje. Kosa la gharama kubwa zaidi hufanyika uwanjani, kwa kuwa michoro mingi ya maghala hutolewa Amerika au bara la Ulaya, ambako usukani uko kushoto. Kwao lori huzunguka jengo kinyume cha mwendo wa saa, ili dereva anaporudi rivasi trela ipinde upande wake na aione kupitia dirishani. Kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, usukani uko kulia. Mchoro huo huo unamlazimisha dereva arudi nyuma upande asiouona, akimtegemea utingo anayepiga kelele na kugonga bodi. Hapa geti liwekwe mahali ambapo lori litazunguka kufuata mwendo wa saa, jengo likiwa kulia kwa dereva. Dalili ya uwanja uliogeuzwa ni rahisi kuiona: kona za milango zilizochubuka upande mmja, na lori linalojaribu mara tatu ndipo likae sawa.

Mbele ya milango acha uwazi usiopungua mara mbili ya urefu wa lori. Trela la mita 17 linataka takriban mita 35, na anayebana hapo ili apate rafu mbili zaidi ndani atazilipia kila siku kwa foleni barabarani. Jukwaa la kupakilia liwe na kimo cha takriban mita 1.2, karibu sawa na sakafu ya kontena juu ya trela. Wengine hulipata jukwaa hilo kwa kuchimba uwanja uteremke kuelekea mlangoni. Ni rahisi kuliko kuinua sakafu nzima, hadi masika ifike na maji yote ya uwanja yakusanyike chini ya matairi, usoni pa mlango. Kama huna budi kuchimba, mtaro wenye chuma cha wavu ujengwe kukatiza mteremko kabla ya ukuta.

Milango ikae katikati ya ukuta kuliko kubanwa kwenye kona, ili rafu za pande zote ziwe karibu. Na wakati wa kumwaga nguzo, mwambie fundi aache nafasi za milango mingine mitatu au minne zikiwa na linta yake juu, azibe kwa tofali tu. Kubomoa tofali ni kazi ya siku chache. Kutoboa ukuta wa zege uliobeba paa ni kazi ya mhandisi, tena godauni likiwa limefungwa.