Jina la Ua Kwanza, Mahali Baadaye

Muuza miche anaweza kukuuzia mimea miwili tofauti kabisa kwa jina lilelile la lili. Mmoja ni Spathiphyllum, wenye ua jeupe lililokunjika kama kijiko. Mtoto au mbwa akiutafuna, chembe zake zenye ncha kali humchoma ulimi na midomo. Atatokwa na mate, atalia, na mara nyingi atautema.

Wa pili, Lilium, ndio wa kuogopwa. Huharibu figo za paka. Wala si lazima ale jani: akijilamba chavua iliyomwangukia manyoyani, au akinywa maji ya chombo cha maua, inatosha. Hutapika, kisha huonekana amepata nafuu, na hapo wengi hudanganyika, kwani figo zinaweza kufa ndani ya siku 1 hadi 3.

Kwa hiyo muulize muuzaji jina la kisayansi, kisha litafute kwenye orodha ya shirika la ASPCA la Marekani, inayotenganisha paka na mbwa. Orodha hiyo haikutungwa kwa ajili ya watoto.

Rafu ya juu humzuia mtoto anayetambaa, ila majani yaliyoanguka yaokotwe. Paka hupanda popote. Nyumba yenye paka isiwe na Lilium kabisa.

Paka akiigusa, usisubiri dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, ukiwa na kipande cha mmea.