Amesoma Vizuri, Lakini Ameelewa?

Wazazi na walezi wa watoto wa Darasa la Tatu,

Ijumaa hii kila mtoto atakuja nyumbani na kitabu kimoja cha hadithi. Kabla hamjamkalisha asome, someni sentensi hii: "Chabelo alikuwa akizoputa vibwenzi karibu na fundomo." Nani alikuwa akizoputa vibwenzi? Chabelo. Wapi? Karibu na fundomo. Mmepata zote, na wala hamjui vibwenzi ni kitu gani, kwa kuwa maneno hayo nimeyatunga mwenyewe.

Watoto wetu hupata zote kwa njia hiyo hiyo. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kuteremka na ukurasa mzima bila kukwama huku hana habari ya kinachoendelea. Ukimuuliza nani au wapi, macho yake yanatafuta neno la swali kwenye kitabu, kisha anakusomea lililo jirani yake. Maswali hayo yaulizeni, lakini yasiwe ndiyo mwisho.

Chukueni kisa cha Kima na Papa, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja. Kima anakaa juu ya mti kando ya bahari, anamrushia Papa matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja Papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya maji anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa ilifaa aambiwe mapema, maana wao wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Papa anageuza. Kima anarukia mti wake na hashuki tena.

Mtoto akifika pale Papa anapotaja dawa, mwambieni afunike ukurasa kwa kiganja. "Kima atafanya nini sasa?" Akisema atalia au atajitupa majini, sawa, mradi aseme kwa nini. Kisha aendelee, na akimaliza muulizeni: "Kweli moyo wa Kima ulikuwa mtini?" Hapo ndipo mtajua. Aliyesoma silabi tu atasema ndiyo, kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Aliyeelewa anajua kwamba aliyesema ni Kima, na Kima alikuwa akiokoa roho yake. Jibu la namna hii halipo kwenye mstari wowote, mtoto analiunga mwenyewe. Akishajibu, ongezeni swali moja: "Umejuaje?" Arudi kitabuni, aoneshe kwa kidole mahali palipompa wazo hilo.

Kuna kona moja ya lugha yetu inayowapoteza wengi. Mkikuta sentensi kama "Alimwambia amrudishe," simameni. Nani alimwambia nani? Nani arudishwe? Ule "a" wa mwanzo unaweza kuwa wa Kima au wa Papa, mwanamume au mwanamke, na mtoto anayekisia hapo atasoma hadithi nyingine kabisa kuanzia ukurasa unaofuata. Mimi naona swali hili moja lina faida kuliko kumwambia ataje wahusika wote.

Mwisho kitabu kifungwe, asimulie. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kihaya, asimulie kwa lugha hiyo; hapo tunapima alichoelewa, Kiswahili chake tutakipima siku nyingine. Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Yeye ndiye msikilizaji bora, maana anapouliza "ikawaje?" mtoto anaona wazi kwamba hatahiniwi.

Msimkatize kwa kila neno alilokosea. Akisoma "alipanda" badala ya "alipanga" mwacheni amalize sentensi, kisha muulizeni kama inaleta maana. Wengi hujirudi wenyewe. Akikwama maneno matano hivi katika ukurasa mmoja, kitabu kimemzidi: msomeeni nyinyi, maswali yabaki yale yale. Na akinyamaza baada ya swali, hesabuni moyoni mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Najua ni vigumu, hasa sufuria ikiwa jikoni. Lakini tukimjibia kila mara, anajifunza kungoja.

Dakika kumi na tano zinatosha, na maswali matatu au manne. Mkivuka hapo hadithi inageuka mtihani, na kesho kitabu kitafichwa chini ya godoro.

Kirudi Jumatatu. Msiniandikie maksi, niandikieni swali moja ambalo mtoto alishindwa, au alilowauliza nyinyi mkashindwa. Ukurasa ukichanika kileteni hivyo hivyo, gundi ipo darasani.

Mwalimu wa Darasa la Tatu