Tui Zito Lipewe Nafasi Yake: Namna ya Kupunguza Mafuta Mazito Katika Mlo wa Pwani

Katika nyumba nyingi za Pwani, siku huanza kwa maandazi na mbaazi za nazi, na mchana ukifika, wali wa nazi hukutana na samaki wa nazi katika sinia moja. Ni chakula chetu cha asili, na makala haya hayana nia ya kumwondolea mtu nazi mezani. Nia yake ni kuonesha mafuta ya mlo huo yako wapi, na ni yapi yanayoweza kupungua bila mlaji kutambua tofauti.

Mafuta hayafanani. Yapo yanayobaki maji hata kwenye baridi, kama ya alizeti, na yapo yanayoganda, kama samli. Haya ya pili ndiyo ambayo wataalamu wa lishe huyaita mafuta yaliyoshiba. Yanapozidi mwilini, ini hupunguza kasi yake ya kuondoa lehemu mbaya katika damu, nayo hubaki ikizunguka na kujishikiza kidogo kidogo kwenye kuta za mishipa ya moyo na ubongo.

Mafuta ya nazi ni ya kundi hili. Sisi wa Pwani hatuyaoni yakiganda kwa sababu ya joto letu tu, kwani huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa iliyo maji Tanga mjini huweza kukutwa imeganda Lushoto asubuhi ya baridi. Husemwa pia kwamba nazi haina lehemu. Ni kweli, kwa kuwa ni mmea. Lakini lehemu inayosumbua damu hutengenezwa na ini letu wenyewe, na mafuta hayo ndiyo yanayoifanya ijikusanye.

Tufanye hesabu ya nyumba moja ya watu sita. Asubuhi nazi moja imeingia katika mbaazi. Mchana moja imepikia wali na nyingine samaki. Jumla ni nazi tatu. Nazi iliyokomaa, ikikunwa, tuseme hutoa gramu 300 za nyama yake, na katika kila gramu 100 za nyama hiyo mna takriban gramu 30 za mafuta yaliyoshiba. Basi nazi moja ina gramu 90. Tuchukulie kwamba nusu tu hutoka katika kukamua, na nusu hubaki katika chicha. Nazi tatu zitaleta sufuriani gramu 135, sawa na gramu 22 na ushei kwa kila mlaji. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta ya aina hii yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu itokanayo na chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo ni kama gramu 22. Kiwango cha siku nzima kimekwisha kwa nazi peke yake, kabla ya kuhesabu maziwa, nyama na mafuta ya kukaangia. Katika mwezi wa Ramadhani, pale ambapo futari ina muhogo wa nazi na daku ina wali wa nazi, hesabu huzidi hapo.

Njia ya kutoka imo katika kukamua kwenyewe. Tui la kwanza, kasimele, ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mafuta. Tui la pili na la tatu huwa na mafuta machache, lakini harufu na utamu wa nazi bado vimo. Basi mchana tumia nazi moja badala ya mbili. Kamua kasimele kikombe kimoja, ukiweke kando. Rudisha chicha, mimina maji ya uvuguvugu vikombe vitatu, kamua. Kisha rudia kwa vikombe vitatu vingine. Hayo ndiyo maji ya kupikia wali wa vikombe vinne vya mchele, pamoja na chumvi na punje tatu za iliki. Wali unapokaribia kukauka, nyunyiza juu yake vijiko viwili vya kasimele, funika, palia makaa au punguza moto kabisa. Pua na ulimi hukutana kwanza na nazi hiyo ya juu, kwa hiyo wali hauonekani mkavu.

Kasimele kilichobaki ni cha samaki. Mchuzi uanze kwa vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ukwaju, uchemke kwa maji kidogo mpaka uwe mzito. Samaki, awe nguru, changu au kibua, apakwe ndimu na chumvi, kisha achomwe juu ya makaa badala ya kukaangwa. Ukimtia mbichi, mtie mchuzi ukiwa tayari mzito, na utikise sufuria badala ya kukoroga kwa mwiko, asije akavunjika. Kasimele huja mwisho, moto ukiwa mdogo. Kikichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga juu, na hapo wengi huongeza tui jingine ili kurekebisha. Nazi iliyookolewa ikawa imerudi.

Mbaazi nazo zitosheke kwa nusu nazi. Chemsha mbaazi mpaka zilainike, ponda kiasi cha mkono mmoja, uzirudishe sufuriani. Wanga wake huleta uzito ambao ungetafutwa kwa tui.

Yabaki maandazi. Hapa kuna mambo mawili: aina ya mafuta na moto wake. Mafuta mgando na mafuta ya mawese yana mafuta yaliyoshiba mara kadhaa zaidi ya yale ya alizeti. Kubadili chupa tu ni hatua kubwa. Unga nao ukandwe kwa tui jepesi badala ya zito, na usiwe majimaji, kwani donge lenye maji mengi hunywa mafuta. Kabla ya kukaanga, tupa kipande kidogo cha unga karainini. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado ni baridi, na andazi litayanyonya. Kikiibuka mara moja na kuzungukwa na mapovu, yako tayari. Yakitoa moshi, yamezidi. Usijaze karai, maana joto hushuka. Dalili ya andazi lililonyonya ni uzito wake mkononi na mng'ao wa mafuta ndani linapokatwa.

Sasa turejee kwenye hesabu. Nazi moja na nusu badala ya tatu ni kama gramu 11 kwa kila mlaji, yaani nusu ya za mwanzo, na hakuna chakula kilichoondolewa mezani. Ifahamike hata hivyo kwamba wali ni ule ule: mwenye kisukari hanufaiki kwa sahani iliyojaa hata kama tui limepungua, na mwenye maradhi ya moyo afuate kiwango alichopewa na daktari wake.

Anayetaka kuona kwa macho aweke bakuli la kasimele na bakuli la tui la tatu katika jokofu usiku kucha. Asubuhi la kwanza litakuwa na tabaka nene jeupe lililoganda juu, na la pili utando mwembamba tu. Tabaka hilo huweza kuenguliwa nusu yake kwa kijiko kabla ya kupika, na tui lililobaki chini likaendelea na kazi yake.