Ombi Moja, Barua Mbili

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili aandike barua rasmi, na mara nyingi umbo litatoka vizuri. Anwani ya mwandishi itakaa juu kulia na tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa itakaa kushoto, kisha zitafuata salamu, kichwa cha habari chenye YAH na maneno “Wako mtiifu” mwishoni. Shida iko katikati, pale penye barua yenyewe. Soma mfano huu, ambao kila mwalimu wa Kiswahili atautambua:

“Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa shule yako. Dhumuni la barua hii ni kukuomba ruhusa kwa sababu nasumbuliwa sana na macho na pia nyumbani kuna matatizo. Natumaini utanielewa maana wewe ni kama baba yangu. Nakutakia kazi njema.”

Mkuu wa shule akiipata barua hii hawezi kuandika “Ruhusa imetolewa” wala “Haiwezekani”. Hajui ni ruhusa ya siku ngapi, kuanzia lini, wala mwanafunzi ataondoka na nani. Sababu nazo ni mbili, na ya pili inaitia shaka ile ya kwanza. Itabidi amwite mwandishi ofisini amuulize kwa mdomo, na hapo barua imekuwa kazi bure.

Mwanafunzi huyu alifundishwa umbo, akadhani umbo ndilo barua. Njia ninayoiona inafaa zaidi ni kuchukua jambo moja na kuliandikia barua mbili, ya kwanza kwa mkuu wa shule na ya pili kwa ndugu wa nyumbani, kisha kuziweka sambamba mbele ya darasa. Tuchukue macho hayo hayo. Majina na anwani ni za kubuni, kama inavyokuwa kwenye mtihani, ambako swali likikupa jina na anwani ya kutumia unatumia hizo. Anayeandika jina lake halisi hapo amekiuka agizo la swali kabla hajaandika sentensi hata moja. Kwenye karatasi anwani ya kwanza na tarehe hukaa kulia.

Shule ya Sekondari Tusome,
S.L.P. 40,
MTONI.
8 Mei 2025

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari Tusome,
S.L.P. 40,
MTONI.

Ndugu,

YAH: KUOMBA RUHUSA YA SIKU MBILI KWENDA KUPIMA MACHO

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, mkondo B. Naomba ruhusa ya kutokuwepo shuleni siku ya Alhamisi tarehe 15 na Ijumaa tarehe 16 Mei 2025 ili niende kupimwa macho katika hospitali ya mkoa.

Tangu mwezi Februari sioni vizuri maandishi ya ubaoni nikikaa nyuma ya safu ya pili. Muuguzi wa zahanati ya jirani amenipa barua ya rufaa, na nakala yake nimeiambatisha. Kliniki ya macho huwa siku ya Alhamisi, na mwenye kuhitaji miwani huipata kesho yake.

Dada yangu, Rehema Sifa, atanichukua Alhamisi saa 12 asubuhi na kunirudisha Ijumaa kabla ya saa 12 jioni.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
(sahihi)
Neema Sifa
Kidato cha II B

Aya ya kwanza imebeba ombi lote: nani, nini, lini, kwa nini. Msomaji mwenye haraka akiishia hapo ameshajua anaombwa nini. Aya ya pili inatoa sababu pamoja na ushahidi unaoweza kukaguliwa. Ya tatu inajibu swali ambalo mkuu wa shule ya bweni hawezi kuacha kuliuliza, la nani atawajibika na mtoto akiwa nje ya geti. Hakuna “husika na kichwa cha habari”, kwa sababu kichwa cha habari kimeshasomwa. Hakuna shikamoo wala kuulizia familia. Heshima imewekwa kwenye “Ndugu”, kwenye kitenzi “naomba” na kwenye unadhifu wa taarifa. Jambo la baba lisiwepo kabisa, maana ofisi haitoi ruhusa kwa undugu, na anayesoma barua hii kesho anaweza kuwa makamu wake.

Sasa dada.

Shule ya Sekondari Tusome,
S.L.P. 40,
MTONI.
8 Mei 2025

Mpendwa dada Rehema,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa macho ndiyo yamezidi. Juzi mwalimu wa hesabu aliandika 8 mimi nikaisoma 3, nikafanya hesabu nzima ya mtu mwingine! Darasa lilicheka mpaka nami nikacheka.

Nimeomba ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa ijayo, tarehe 15 na 16. Nimemwandikia mkuu kwamba wewe ndiye utakayenichukua saa 12 asubuhi, basi tafadhali usichelewe kama siku ile ya kufungua shule. Njoo na kadi yangu ya bima, iko kwenye droo ya mama, chini ya vitambaa.

Mama usimwambie kwamba naogopa kuvaa miwani. Nitamwambia mwenyewe. Je, Baraka ameanza kutembea au bado anatambaa? Msalimie sana, na bibi mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe.

Wako akupendaye,
Neema

Anwani imebaki moja, kichwa cha habari kimeondoka na sahihi haipo. Hayo mwanafunzi huyaona upesi. Mwalimu amvute mbali zaidi, aone kwamba taarifa zenyewe zimebadilika. Barua ya rufaa haimo, kwa kuwa dada hahitaji ushahidi kwamba mdogo wake anaumwa. Mahali palipokuwa na rufaa pameingia kadi ya bima na droo ya mama, vitu ambavyo mkuu wa shule havimhusu. Utani umeruhusiwa, na hofu pia. Lakini shikamoo imebaki, kwa sababu dada ni mkubwa. Angekuwa anamwandikia rafiki wa rika lake, ingekuwa “mambo vipi” au “hujambo”. Barua ya kirafiki nayo ina kanuni zake, na kanuni hizo zimefuata uhusiano wa watu wawili.

Hapo ndipo yale maneno ya kukariri yanapoonekana yalivyo makavu: “Hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.” Mwambie mwanafunzi aitoe sentensi hiyo kwenye barua ya Neema aliyomwandikia dada yake na aiweke kwenye barua ya mtu mwingine yeyote. Itakaa bila shida, na ndiyo maana haifai. Anayetaka kuwaonyesha wanafunzi barua halisi za ndugu kwa ndugu atafute kitabu cha Barua za Shaaban Robert, 1931-1958, mkusanyo wa barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, uliochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Barua ya mfano ina hatari yake pia. Ikibaki ubaoni wiki nzima wanafunzi wataikariri, na siku wakiulizwa barua ya malalamiko kuhusu maji wataandika ya kuomba ruhusa. Kwa hiyo isomwe, ijadiliwe, ifutwe. Kisha wape ombi jipya lenye msomaji mpya: mwenyekiti wa kijiji aombwe uwanja wa mechi, na binamu aalikwe kwenye mechi hiyo hiyo. Vipindi viwili mfululizo vinatosha kwa kusoma na kulinganisha. Kuandika kuwe siku nyingine.

Kabla hawajaandika, wape orodha ya kusahihishia. Mgao huu wa alama 15 ni wa darasani na hauchukui nafasi ya mwongozo wa Baraza la Mitihani. Kwa wasomaji wa Kenya, ambako insha ya KCSE ina alama 20 na kichwa cha habari huanza kwa KUH au MINT, mgao utabadilika lakini maswali yanabaki.

Muundo, alama 5, moja kwa kila jibu la ndiyo: Anwani ni mbili na ziko mahali pake? Tarehe ipo kamili? Mtajo wa heshima upo? Kichwa cha habari kinataja ombi lenyewe? Mwisho una sahihi, jina na cheo?

Maudhui, alama 5: Aya ya kwanza imetaja ombi? Tarehe, idadi au mahali vimetajwa? Sababu ni moja na imeelezwa? Kuna jambo linaloweza kuthibitishwa? Msomaji anaweza kujibu ndiyo au hapana bila kumwita mwandishi?

Lugha inayomfaa msomaji, alama 3: Hakuna salamu za nyumbani? Hakuna utani wala kubembeleza? Hakuna sentensi inayoweza kufutwa bila hasara?

Sarufi, tahajia na alama za uandishi, alama 2: makosa yasiyozidi mawili, alama 2, matatu mpaka matano, alama 1, zaidi ya hapo, sifuri.

Kwa barua ya kirafiki, muundo unapungua hadi alama 3 na lugha inapanda hadi 5, ambapo swali kubwa ni hili: kuna angalau mambo mawili ambayo yangeandikwa kwa mtu huyu tu?

Tuirudie ile barua ya mwanzo. Tuseme muundo wake umetimia, isipokuwa kichwa chake kilisema “YAH: RUHUSA” bila kutaja ruhusa ya nini: 4 kati ya 5. Kwenye maudhui ombi lipo katika aya ya kwanza, basi 1 tu. Lugha ina kubembeleza na sentensi za kufutwa, lakini haina salamu za nyumbani: 1. Sarufi haina makosa ya kuhesabu: 2. Jumla ni 8 kati ya 15, na nusu ya alama hizo zimetoka kwenye umbo. Mwandishi akiyaona hayo kwa macho yake huhitaji kumhubiria. Anajua arudi kwenye aya ipi.

Orodha yenyewe ipimwe. Wape wanafunzi wawili barua moja waisahihishe bila kutazamana. Wakitofautiana zaidi ya alama 2, kuna swali lisiloeleweka, na kwa kawaida ni la aina ya “Je, lugha ni nzuri?” Mmoja ataona nzuri kwa kuwa ina methali, mwingine ataona mbaya kwa sababu hiyo hiyo. Libadilishe liwe jambo la kuonyeshwa kwa kidole kwenye karatasi.

Najua madarasa yetu. Wanafunzi 70 wakiandika barua mbili kila mmoja ni karatasi 140, na hakuna mwalimu wa kuzisoma zote neno kwa neno kila wiki. Basi muundo wasahihishane wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa ni kazi ya kuhesabu, na sarufi ichukuliwe kwenye karatasi chache na kufundishwa ubaoni. Mwalimu abaki na zile alama 5 za maudhui, asome aya ya kwanza ya kila barua rasmi, aandike pembeni swali moja tu ambalo msomaji angeuliza, kisha aidai barua hiyo ikiwa imeandikwa upya.