Chupa Moja, Makoo Mawili

Jirani yangu alikwenda duka la dawa kununua chupa moja ya amoksilini ya maji. Wanawe wawili walikuwa wameamka na homa, wote wakilalamika koo linawauma wakimeza, naye alishapanga kuwagawia nusu kwa nusu. Bahati nzuri muuzaji alimwambia, "Mama, wapeleke kwanza kituo cha afya." Huko binti hakuandikiwa antibiotiki hata kijiko kimoja. Kaka yake aliandikiwa chupa nne.

Binti ana miaka sita. Kabla ya homa alikuwa na mafua siku mbili: makamasi yanamtiririka, anakohoa, sauti imekauka, macho mekundu. Virusi ndiyo tabia yao, hushika pua, macho, koo na njia ya hewa kwa pamoja. Bakteria anayesumbua zaidi makoo ya watoto wa shule, streptokokasi wa kundi A, hung'ang'ania kooni na kwa kawaida haleti mafua wala kikohozi. Kwa hiyo kikohozi cha binti kilimweleza daktari mengi kuliko wekundu wa koo lake. Akaandikiwa parasetamoli kulingana na uzito wake na kuambiwa anywe maji na uji kwa wingi. Koo la namna hiyo hupoa lenyewe ndani ya wiki moja. Makamasi yakigeuka ya kijani katikati ya safari, hilo peke yake si sababu ya kukimbilia antibiotiki. Aspirini mtoto asipewe.

Kaka yake, miaka tisa na kilo 24, alikwenda shule mzima. Jioni akarudi anatetemeka, kichwa kinamgonga, akatapika chakula cha usiku. Joto lilikuwa nyuzi 39. Hakuwa na kikohozi wala mafua. Daktari alipombonyeza chini ya pembe za taya alikuta tezi zimevimba, na mtoto akaruka kwa maumivu. Kwa tochi yakaonekana mafindofindo yaliyovimba, yana usaha mweupe, na vidoa vyekundu kwenye kaakaa.

Usaha peke yake haumalizi kesi, maana vipo virusi vinavyouleta pia. Hata dalili zote zikikutana, karibu nusu ya watoto hao hawana streptokokasi. Kipo kipimo cha haraka cha ute wa kooni, majibu ndani ya dakika kumi hivi, lakini vituo vingi havina. Hapo daktari huamua kwa dalili. Watoto wote wawili walipimwa malaria pia, kwa kuwa koo jekundu halizuii mbu, na hawakukutwa nayo.

Mtu atauliza: kama koo la kijana nalo lingepona lenyewe, dawa ya nini? Ni kweli, antibiotiki hupunguza maumivu kwa siku moja hivi tu. Kinachoogopwa ni homa ya rumatiki. Wiki mbili tatu baada ya koo kupona, kinga ya mwili iliyojifunza kupigana na bakteria yule inaweza kugeukia viungo na valvu za moyo. Viungo hupona, valvu zinaweza kubaki na makovu maisha yote. Dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo liume, bado inazuia. Kwa hiyo pale ambapo dalili hazieleweki, kumwangalia mtoto siku moja au mbili na kumrudisha kituoni si uzembe.

Sasa zile chupa nne. Kijana aliandikiwa miligramu 500 asubuhi na jioni kwa siku 10, yaani miligramu 10,000. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika kila mililita 5 ina miligramu 2,500 tu. Angeweza kuchomwa sindano moja ya benzathini penisilini na kumaliza kazi, lakini alivyoiogopa, mama akachagua maji.

Bibi yao naye alikuwa na shauri lake: apelekwe akakatwe kimeo. Kimeo huvimba kwa sababu koo zima limevimba. Kukikata hakumwondoi bakteria, ila huleta damu nyingi na hatari ya pepopunda. Daktari alimwonya mama juu ya mambo mengine: mtoto akishindwa kumeza hata mate yake, akishindwa kufungua kinywa, akikoroma anapovuta pumzi au shingo ikikakamaa, arudishwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Siku ya tatu chupa ya kwanza iliisha mchana. Homa ilikuwa imekwisha tangu jana yake, kijana yuko uwanjani anacheza mpira. Mama akachemsha maji, akayaacha yapoe, akachanganya chupa ya pili.